Tumbo Limefunga, Lakini Shida Iko Shingoni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Shangazi yangu anauza vitenge Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Siku moja alinipigia simu akasema, "Mwanangu, tumbo langu limekuwa gunia la simenti." Ilikuwa siku ya tano hajaenda haja kubwa. Mimi ni tabibu, na nakiri kwamba nilimjibu kama tunavyowajibu wote: kunywa maji, kula papai, tembea kidogo. Miezi mitatu ikapita kabla sijamuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: kabla choo hakijafunga, ni nini kilitangulia?

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hali kama yake. Choo kimekuwa kigumu na cha nadra, chini ya mara tatu kwa wiki, lakini ukikumbuka vizuri, mwili ulianza kuchoka na kuongezeka mapema zaidi. Kama kwako choo kilifunga tu baada ya safari ndefu au wiki ya kula posho tupu, yaani ugali mtupu, shida yako ni nyingine na rahisi zaidi.

Hatua ya kwanza: andika mfuatano

Chukua karatasi, andika miezi, na kando ya kila mwezi uandike kilichobadilika. Usianze na tumbo. Anza na mambo madogo: ulianza lini kulala mchana, nguo gani ilikubana kwanza, lini ulianza kuhisi baridi wenzako wakipepea.

Karatasi ya shangazi ilikuwa hivi. Januari alianza kufunga duka saa kumi badala ya saa kumi na mbili, akisema miguu mizito. Machi blauzi zilimbana. Alitoka kilo 68 hadi 74, na anaapa sahani yake haikuongezeka. Aprili hedhi ikawa nzito, siku saba hadi nane badala ya nne. Mei ndipo choo kikaanza kuja kila baada ya siku nne au tano. Na jambo ambalo hakuliandika, nililiona mwenyewe nilipomtembelea: saa saba mchana, jua la Busia likichoma mabati, yeye amevaa sweta.

Mfuatano huo una maana. Chakula kibaya hufunga tumbo, lakini hakikuchoshi miezi minne kabla. Tezi ya thairodi, iliyo mbele ya shingo chini ya kikoromeo, hutoa homoni inayopanga kasi ya karibu kila kiungo. Homoni hiyo ikipungua, moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, mwili hushika maji na chumvi, na misuli ya utumbo husukuma kinyesi kwa uvivu. Kinyesi kikikaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, maji yake hufyonzwa na kinabaki kigumu kama kokoto. Tumbo ni mmoja tu kati ya wafanyakazi waliopunguza mwendo, ila ndiye anayelalamika kwa sauti.

Angalia pia kiasi cha kilo. Thairodi iliyolegea kwa kawaida huongeza kilo chache, mbili hadi tano hivi, na sehemu kubwa ni maji. Mtu aliyeongeza kilo ishirini asiitupie thairodi lawama zote.

Hatua ya pili: hakikisha huna dalili za kukimbilia hospitali

Kuna hali ambazo hazingoji karatasi. Tumbo limevimba, unatapika, na hata upepo hautoki: hiyo inaweza kuwa utumbo ulioziba, nenda leo. Damu kwenye kinyesi, kupungua kilo badala ya kuongezeka, choo kilichobadilika ghafla ukiwa na miaka hamsini au zaidi, au upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi: hapo utumbo wenyewe lazima uchunguzwe, saratani ikiwa mojawapo ya mambo ya kuondoa mashakani. Msiseme ni bawasiri mpaka mtu ameangalia. Na mgonjwa mwenye uchovu wa muda mrefu ambaye sasa anasinzia hovyo, mwili baridi, maneno yanamchanganya, huyo naye ni wa hospitali usiku huohuo.

Hatua ya tatu: mwaga mkoba mezani

Nasema mkoba kwa maana halisi. Mwambie mgonjwa atoe kila anachomeza, pamoja na vile ambavyo yeye haviiti dawa.

Mkoba wa shangazi ulikuwa na vidonge vyekundu vya kuongeza damu, alivyopewa kwenye kliniki moja kwa sababu ya hedhi nzito. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo na kukifanya cheusi. Kulikuwa na unga wa mitishamba wa "kusafisha tumbo". Na chini kabisa, ndani ya karatasi ya gazeti, kipande cha udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni, kimeng'atwa pembeni. Alicheka kwa aibu: "Huo ni wa kutuliza mate tu, mwanangu."

Hapo fundo likaanza kufunguka. Thairodi iliyolegea inaweza kuleta hedhi nzito. Hedhi nzito humaliza madini ya chuma mwilini. Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma mara nyingi hupata hamu ya udongo. Udongo hufunga tumbo, na pia huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Kisha vidonge vya damu vinafunga tumbo kwa mara ya pili. Kila mtu aliyemtibu alishika kipande kimoja cha mnyororo.

Vingine vya kutafuta mkobani ni dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, amitriptilini, na baadhi ya dawa za presha kama verapamili. Kwa upande wa unene, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na dawa za ARV zenye dolutegraviri zinaweza kuongeza kilo. Usiache ARV wala dawa ya presha kwa kusoma maneno haya, mwambie aliyekuandikia. Na kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, pima mimba kabla ya kuendelea. Uchovu, kilo na choo kigumu ni mambo ya mimba pia, na nimewahi kuona mtu akinyweshwa dawa ya kufungua choo wiki tatu akiwa mjamzito.

Hatua ya nne: jipime nyumbani

Kaa kimya dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida yuko kati ya 60 na 100. Shangazi alikuwa na 54. Mkimbiaji au mbeba mizigo anaweza kuwa na mapigo hayo na asiwe mgonjwa, na anayemeza atenololi vilevile, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuongeza uzito kwenye karatasi tu.

Kisha simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka shingoni unapomeza ni wa tezi hiyo. Wazee wanauita rovu. Kukosa rovu hakukuondolei mashaka, maana watu wengi wenye thairodi iliyolegea wana shingo laini kabisa. Kama una kovu la upasuaji wa rovu, hata wa miaka kumi iliyopita, mashaka yanakuwa makubwa.

Swali moja zaidi kwa mama: je, ulitokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka, na hedhi haikurudi sawasawa? Kumbuka jibu lako. Tutalihitaji maabara.

Hatua ya tano: omba vipimo viwili, usiombe kimoja

Kwenye vituo vidogo vya afya usitegemee kuvipata vipimo hivi vya thairodi. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa au maabara binafsi za mjini; kuna zinazochukua damu na kuipeleka Kampala, majibu yakarudi baada ya siku kadhaa. Uliza bei kabla hujatoa mkono. Huhitaji kufunga kula. Lakini kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku mbili kabla, kwa sababu vinaweza kupotosha majibu. Na wanaovimeza mara nyingi ndio haohao ambao nywele zinakatika kwa sababu ya thairodi.

Vipimo vyenyewe ni TSH na T4 huru, ambayo kwenye karatasi huandikwa FT4. Ili uelewe kwa nini viwili, fikiria teksi ya abiria ya Kampala. Dereva ni thairodi, mwendo wa gari ni T4, ile homoni anayoitoa. Konda ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na TSH ni mkono wake unaogonga bodi: twende, twende! Dereva akizembea, konda hugonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo TSH kubwa na T4 ndogo maana yake dereva amelegea.

Maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi. Soma kiwango kilichochapwa kwenye karatasi yako. Shangazi alipata TSH 38, na T4 huru 6 mahali ambapo maabara ilitaka 12 hadi 22. Hapo hakuna ubishi.

Mtu mwingine atapata TSH 6 na T4 ya kawaida. Huyo asikimbilie vidonge. Mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, na wengine hurudi kawaida wenyewe. Kwa kiwango hicho kidogo, mimi singeilaumu thairodi kwa choo cha siku tano, ningeendelea kutafuta. Mwenye mimba au anayetafuta mtoto ni habari nyingine, amwone daktari mapema.

Sasa yule mama aliyetokwa damu nyingi akijifungua. Kupoteza damu kwa kiasi hicho kunaweza kuua sehemu ya ile tezi ya chini ya ubongo. Konda mwenyewe amezirai, hagongi bodi, na TSH inatoka ya kawaida ilhali gari halitembei. Ukipima TSH peke yake utaambiwa uko mzima. T4 ndogo pamoja na TSH isiyopanda ndiyo inayomfichua. Mgonjwa huyu asianzishiwe dawa ya thairodi kabla daktari hajaangalia homoni ya kotisoli, maana ikiwa nayo imekwisha, kidonge cha thairodi kinaweza kumwangusha.

Kwa damu hiyohiyo omba pia wingi wa damu, sukari, na kalisiamu. Kalisiamu iliyopanda nayo huchosha mwili na kufunga choo, na ni watu wachache wanaoikumbuka.

Hatua ya sita: fungua tumbo bila kulipiga

Majibu yanaweza kuchukua siku, na hata dawa ikianza, utumbo hauamki kesho yake. Katikati hapo mgonjwa anahitaji nafuu.

Acha chumvi ya haluli na mafuta ya nyonyo. Vinafagia tumbo lote kwa siku moja, kisha siku nne zinazofuata hakuna kitu cha kutoka, mgonjwa anaogopa, anakunywa tena. Ule unga wa shangazi ulikuwa unafanya hivyohivyo. Badala yake kuna sharubati ya laktulosi, mililita 15 asubuhi na jioni, ambayo huchukua siku mbili hivi kuonekana, kwa hiyo usiongeze dozi saa sita baadaye kwa hasira. Au bisakodili, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5 usiku, kifanye kazi asubuhi. Usikimeze na maziwa kwa sababu ganda lake litayeyuka mapema na tumbo litakukata. Mjamzito aulize kwanza.

Kuhusu chakula, maharage, mchicha wa dodo na papai ni vizuri, lakini ongeza kidogokidogo na maji yakifuatana. Utumbo uliolala ukiujaza makapi ghafla utavimba kama ngoma. Nenda chooni dakika ishirini baada ya kifungua kinywa, hata kama huna haja, kwa sababu tumbo la juu likijaa huusukuma utumbo mpana. Na choo cha kuchuchumaa ambacho wengi wetu tunakidharau ndicho kinachonyoosha njia vizuri. Mwenye choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda.

Shangazi aliacha udongo. Alilalamika wiki mbili, kisha vidonge vya damu vilipoanza kufanya kazi, hamu yenyewe ikafifia.

Hatua ya saba: meza kidonge kwa namna kinavyotaka

Dawa ni levothairoksini, homoni ileile iliyopungua. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo, dozi kamili hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 74 ni kama 118. Si lazima kuanzia hapo. Mzee au mwenye moyo huanza na 25 au hata chini, kwa sababu moyo uliozoea kutembea haupendi kukimbizwa. Daktari alimwanzishia shangazi 50.

Baada ya wiki sita TSH ilikuwa 31. Ilikuwa imeshuka, lakini kidogo mno, na choo bado kila siku ya nne. Daktari alikuwa tayari kupandisha dozi. Nilimwomba shangazi anionyeshe asubuhi yake, anionyeshe tu, asinieleze. Akamimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akatoa kidonge cha thairodi, akatoa na kile chekundu cha damu, akavimeza pamoja kwa funda moja. Alikuwa mtiifu kabisa. Hakuwahi kuruka siku. Lakini madini ya chuma na kalisiamu ya maziwa hushikana na levothairoksini tumboni, na sehemu kubwa inatoka na kinyesi.

Tukapanga upya. Kidonge cha thairodi alfajiri kwa maji matupu, tumbo tupu. Chai na chakula baada ya nusu saa hadi saa nzima. Kidonge cha damu, dawa za kiungulia na vidonge vya kalisiamu angalau saa nne baadaye. Yeye alichagua jioni. Wiki nane baadaye, kwa dozi ileile ya 50, TSH ilikuwa 9. Ikapandishwa hadi 75, kisha 100, na ilipofika 2.8 tukaacha hapo.

Kipimo hurudiwa wiki sita hadi nane baada ya kubadili dozi, si kabla. Dawa hii inaondoka mwilini polepole, nusu yake kwa wiki nzima, kwa hiyo kupima baada ya siku kumi ni kupoteza hela. Dozi ikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha. Ukiona moyo unadunda, usingizi umekataa, mikono inatetemeka na choo sasa ni cha kuharisha, dozi imezidi, rudi upimwe. Ukipata mimba, nenda mapema, kwa sababu dozi kwa kawaida huhitaji kuongezwa.

Na msimwache mgonjwa aongeze iodini kwa kubahatisha. Chumvi ya dukani Uganda imekuwa ikitiwa iodini tangu miaka ya 1990, na kwa wengi inatosha. Vidonge vya mwani wa baharini vinavyouzwa mitandaoni vinaweza kuivuruga zaidi tezi ambayo tayari inashambuliwa na kinga ya mwili, na shambulio hilo ni sababu ya kawaida sana ya kulegea kwake. Kabichi iliyopikwa nayo iachwe kwenye sahani yake, haina hatia.

Choo cha shangazi kilirudi taratibu, kwanza kila siku ya tatu, na TSH ilipokuwa 9 akawa anaenda kila baada ya siku moja bila laktulosi. Kilo zilipungua tatu tu. Hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Ramadhani ilipokaribia akauliza atafanyaje. Kuna njia mbili: kumeza usiku wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho, au kuamka nusu saa kabla ya daku. Akajaribu ya usiku, akashindwa, kwa sababu baada ya tarawehe wageni hawaishi na sambusa haziishi. Sasa simu yake inalia saa tisa na nusu, anameza kidonge gizani na maji ya chupa iliyo kando ya kitanda, analala tena mpaka wamwamshe kula.